Mwanga hushuka ukuta: shairi lililotungwa selo bila kalamu

Shairi hili lina beti nne. Lilitungwa ndani ya chumba cha mahabusu, pwani ya Tanzania, kati ya mwezi Juni na Desemba, bila kalamu wala karatasi. Naandika jinsi lilivyojengwa, na hasa mahali lilipoharibika, kwa sababu wengi wanaotunga kuhusu kifungo huanguka palepale nilipoanguka mimi. Yaliyonipeleka mle ndani nayaacha, maana hayasaidii mtu kutunga.

Kwanza chumba chenyewe, kwa kuwa shairi zima limetoka humo. Kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta unaolikabili ni nyayo kumi na mbili, kisigino kikigusa kidole, yaani kama mita tatu. Dirisha lilikuwa moja, limetazama mashariki, na kingo yake ya chini ilikuwa juu kiasi kwamba mtu wa kimo cha kawaida akinyoosha mkono anaigusa kwa ncha za vidole. Nondo zilikuwa nne, kila moja nene kama kidole cha mwisho. Taa moja juu ya mlango iliwaka usiku kucha. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Usiku tulilala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wageuke.

Nilichagua shairi la kawaida la mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, yaani silabi, nane kwenye ukwapi, kipande cha kwanza, na nane kwenye utao, kipande cha pili, vina katikati na mwisho, na mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti. Ukiwa huna karatasi, umbo hilo ndilo daftari lako. Neno likidondoka, mdomo unajikwaa. Kina kikipotea, sikio linadai. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa "Kenya: Twendapi?", aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka kama "Sauti ya Dhiki" mwaka 1973. Mimi hata karatasi hiyo sikuwa nayo. Barua zilisomwa na askari kabla ya kutoka, nami sikutaka mtu wa kwanza kulisoma shairi hili awe yeye.

Nilianza na ukuta, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na uso wangu.

Ukuta jirani yangu, neno lako sijapata,
Nimekupa siri zangu, hata moja hukuteta,
Majina ya ndugu zangu, kwa kidole nayafwata,
Mwanga hushuka ukuta, hauna wa kuufunga.

Rasimu ya kwanza ya ubeti huu haikuwa hivi. Ilisema ukuta ni adui, ukuta ni katili, ukuta una moyo wa jiwe. Mizani ilikuwa sawa, vina vilikuwa sawa, na shairi lilikuwa bure kabisa. Mtu aliyekaa nyumbani kwake Magomeni angeweza kuyaandika maneno hayo bila kuinuka kitini. Ikanichukua karibu wiki mbili kukubali hilo, na ziliuma, maana nilidhani maumivu yangu yanatosha kulifanya shairi kuwa la kweli.

Kilichonitoa hapo ni vidole. Usiku, nikiwa nimelala ubavu nimeuelekea ukuta, mkono wangu ulikuwa unapapasa chokaa, na chini ya chokaa kulikuwa na michirizi. Yalikuwa majina. Waliotutangulia walikwangua, kuta zikapakwa chokaa tena, lakini mkwaruzo haukujaa. Mchana ilikuwa vigumu kuyaona. Kwa kidole yalisomeka herufi moja moja. Hapo ukuta ukaacha kuwa adui, ukawa jirani aliyekabidhiwa siri za watu wengi na hakuitoa hata moja. Neno "hukuteta" limebeba hayo. Ukitaka kutunga kuhusu ukuta, uguse kwanza, ujue una baridi saa ngapi, unatoa jasho wapi, chokaa inabaki kwenye ngozi au haibaki.

Sasa nije kwenye kosa kubwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike simulizi hii. Kibwagizo changu cha kwanza kilikuwa hivi:

Mwanga hupanda ukuta, hauna wa kuufunga.

Nilikipenda mno. Nilikiimba kimoyomoyo siku nzima. Niliona mwanga kama matumaini, na matumaini, nilidhani, lazima yapande. Siku moja asubuhi nilimsomea mzee mmoja aliyekuwa fundi uashi huko nje. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, maneno yako mazuri. Lakini mwanga wa asubuhi haupandi ukuta. Hushuka. Hebu geuka utazame."

Niligeuka. Kipande cha jua kilikuwa juu, karibu na dari, kwenye ukuta ulioelekea dirisha. Mzee akaniambia niweke kidole kwenye kingo yake ya chini na nisikiondoe. Hazikupita dakika nyingi, kidole kikawa ndani ya mwanga, na kingo imeshuka chini yake.

Sababu yake ni nyepesi. Jua linapochomoza liko chini, karibu sawa na dirisha, kwa hiyo miale yake inaingia ikiwa imelala na kugonga ukuta wa mbele juu kabisa. Kadiri jua linavyopanda angani, miale inazidi kuinama, na kipande kinateremka ukutani, kinafika sakafuni, kisha kinarudi kuelekea chini ya dirisha lenyewe hadi kinapotea. Kwa hiyo jua likipanda nje, mwanga unashuka ndani. Nilikaa miezi nikitazama jambo hilo kila asubuhi na sikuliona, kwa sababu kichwani nilikuwa na picha niliyoikuta mahali pengine.

Na angalia jambo hili kwa makini, ewe mtunzi. "Hupanda" ni mizani tatu. "Hushuka" ni mizani tatu. Kibwagizo hakikutikisika hata kidogo nilipobadili. Mizani ilikuwa imepokea uongo kwa furaha ileile iliyopokea ukweli. Arudhi inalinda urefu wa mshororo na mlio wake, lakini haijui dirisha lako limetazama wapi. Hilo ni lazima ulilinde wewe kwa macho.

Baada ya hapo shairi lilibadilika maana, na nililia kidogo, sioni haya kusema. Mwanga unaopanda ni mwanga unaokuacha. Unaoshuka unakuja ulipo. Unaanza darini ambako hakuna mtu, unateremka juu ya majina yaliyokwanguliwa, unafika kwenye miguu ya watu waliokaa chini. Kwa picha yangu ya kwanza nilikuwa nimejinyima jambo lililokuwa linatokea kila siku.

Ubeti wa dirisha ulifuata.

Nalitazama dirisha, nondo nne kifuani,
Mawingu linapitisha, mimi laniacha ndani,
Harufu yaniamsha, ya udongo na majani,
Mwanga hushuka ukuta, hauna wa kuufunga.

Humu kulikuwa na makosa mawili ya mizani, yote ya herufi zinazojitegemea. Neno "nne" lina mizani mbili, n-ne. Mimi nililihesabu kama moja, nikaongeza kineno mbele yake ili kujaza, utao ukawa na tisa bila mimi kujua. Ukihesabu kwa vidole huku umekwisha kuamini, vidole vinakudanganya. Kijana mmoja aliyekuwa na sauti nzuri ndiye aliyeligundua, maana alipouimba mshororo sauti yake ilijaa kabla maneno hayajaisha. "Bro, hapa pamezidi," akasema, akarudia mara tatu, kila mara akikwama palepale. Neno "yaniamsha" nalo nililipunja: ni ya-ni-a-m-sha, mizani tano, ile "m" inasimama peke yake. Tangu hapo sikukubali mshororo wowote kabla haujaimbwa na mtu mwingine asiyejua hesabu yangu.

Kosa la tatu halikuwa la mizani. Niliwahi kuwa na mshororo uliosema vivuli vya nondo vinachora jela nyingine ukutani, mistari myeusi iliyonyooka. Ni picha inayopendwa sana, na kwa chumba chetu haikuwa kweli. Nilipotazama, kwenye kipande cha mwanga hapakuwa na mistari myeusi. Palikuwa na michirizi hafifu ya kijivu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Jua si nukta, lina upana wake, kwa hiyo kitu chembamba kikiwa mbali na ukuta, mwanga wa pande mbili za jua unakizunguka na kukila kivuli chake. Nondo nene kama kidole cha mwisho, yenye kama milimita kumi na mbili, kivuli chake kamili kinaishia kabla ya mita moja na nusu. Sisi tulikuwa mita tatu. Jaribu mwenyewe: weka kidole karibu na ukuta juani utaona kivuli cheusi, kisha kirudishe nyuma taratibu uone kinavyofifia. Nilitupa mshororo ule, ingawa ulikuwa mzuri masikioni, nikaacha nondo mahali zinapoonekana wazi, yaani kwenye dirisha lenyewe. Ndipo likaja neno "kifuani".

Harufu nayo ilitokana na kulikalia dirisha kwa muda mrefu. Dirisha la juu hivyo halikuonyeshi kitu isipokuwa mbingu. Huoni mti, huoni barabara. Lakini mvua ikinyesha baada ya siku kavu, udongo unaingia kwa pua kabla hujasikia tone. Watu wanapoandika dirisha huandika macho tu. Ukifungwa utagundua kwamba pua na masikio ndiyo yanayolitumia zaidi.

Ubeti wa tatu ndio wenye vipimo.

Asubuhi ukifika, juu kwanza hujilaza,
Robo saa ikitoka, shibiri unapunguza,
Miguuni ukishika, saa tatu wanijuza,
Mwanga hushuka ukuta, hauna wa kuufunga.

Vipimo hivi nilivipata kwa shibiri ya mkono wangu na kwa redio ya askari iliyosikika kutoka kwenye ukumbi, kwani saa hatukuwa nayo. Kipande kiliteremka karibu shibiri moja kila robo saa, pungufu kidogo kikiwa juu na zaidi kikikaribia sakafu. Mwezi Juni kiligusa miguu yetu, tuliokaa tumeegemea ukuta ule, kama saa tatu kamili.

Lakini shika neno Juni. Mwezi wa kumi kilikuwa kinafika kama saa mbili na nusu, na mimi nikafikiri nimechanganyikiwa. Kadhalika kilihama kando. Juni, ukisimama umelipa dirisha mgongo, mwanga ulikuwa upande wa kushoto wa ukuta, kwa kuwa jua linachomoza kaskazini ya mashariki na kuutupa mwanga kusini. Kufikia Desemba ulikuwa umehamia kulia, zaidi ya hatua moja kutoka katikati. Majina niliyokuwa nikiyaona yakiangazwa Juni yalikuwa gizani Desemba, na mengine yakajitokeza. Kwa hiyo "saa tatu" ni ukweli wa Juni wa chumba kile cha pwani. Mtu aliye Kigoma, kwa saa ileile ya Tanzania, mwanga kama huo utamfikia karibu dakika arobaini baadaye, maana Kigoma iko magharibi sana. Ukiazima saa ya mwenzio kwenye shairi lako, wafungwa watakuwa wa kwanza kugundua. Wao ndio wanaoutazama ukuta.

Ubeti wa nne ulinishinda kwa wiki kadhaa, maana sikujua nifanye nini na ile taa.

Taa yawaka usiku, nuru isiyo huruma,
Haina saa na siku, haishuki, yasimama,
Nalifumba jicho huku, jua langu nikipima,
Mwanga hushuka ukuta, hauna wa kuufunga.

Mwanzoni sikutaka kuiweka. Nilitaka mwanga uwe kitu chema tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ukitunga kuhusu mwanga wa selo ukaiacha taa ya usiku, umeacha nusu ya mwanga wote wa humo. Ile taa haikutuacha kulala vizuri. Wengine walifunika uso kwa shati, asubuhi shati limelowa pumzi. Ukiiweka karibu na jua, tofauti yake inaonekana bila kuitaja kwa maneno makubwa: jua linatembea, taa imesimama. Mwanga unaotembea unakupa saa. Mwanga uliosimama unaiondoa. Neno "haishuki" ndilo lililofungua mlango, kwa sababu linakwaruzana na kibwagizo kilicho mishororo miwili tu chini yake.

Sasa suala la kuhifadhi. Shairi likiwa kichwani tu, linaoza kama tunda. Niligawa beti kwa watu. Mzee fundi alishika wa kwanza, kijana mwimbaji wa pili, mwenzetu mwingine wa tatu, mimi wa nne, na kila jioni baada ya kuhesabiwa tulizisoma kwa mpangilio. Ilisaidia sana, lakini si kama nilivyotarajia. Baada ya mwezi mmoja nilisikia ubeti wa kwanza ukisomwa "jibu lako sijapata" badala ya "neno lako", na "kwa kidole nayapita" badala ya "nayafwata". Hakuna aliyeshtuka. Mizani ni ileile na kina ni kilekile, basi sikio halina la kudai. Vina vinalinda miisho ya vipande. Katikati, neno lolote la ukubwa uleule linaweza kuingia kimyakimya na kukaa.

Nikachunguza ni maneno gani hayakubadilika kamwe. "Nondo nne" haikubadilika. "Shibiri" haikubadilika. "Udongo na majani" haikubadilika. Yote ni vitu ambavyo mshikaji wa ubeti aliweza kuinua macho, kunyoosha mkono au kuvuta pumzi akavihakiki. Mzee alibadili "nayafwata" kwa sababu upande aliolala yeye ukuta haukuwa na majina. Nilipomhamisha usiku mmoja alale kwangu, akapapasa mwenyewe, neno halikupotea tena. Tangu siku hiyo nilimpa kila mtu ubeti wa kitu kilicho karibu naye: aliyelala chini ya dirisha akapewa dirisha, aliyelala karibu na mlango akapewa taa.

Nilipotoka, kitu cha kwanza nilichoomba nyumbani ni daftari, hata kabla ya kuoga. Mama alishangaa lakini alileta. Niliandika beti zote nne kwa mkupuo, nikitamka kwa sauti, na bado niliposoma nilikuta nimeandika "hupanda" mahali pawili. Mkono ulikuwa umerudi kwenye mazoea ya zamani mara tu macho yalipoacha kuuona ukuta. Anayetoka leo namshauri aandike siku hiyohiyo, kisha amtafute aliyekuwa naye ndani wasahihishane, kwani nyumba yenye madirisha mengi inasahaulisha haraka sana.

Baadaye nilisoma "Sauti ya Dhiki" kwa jicho jingine. Mule kuna mashairi kama "Mamba" na "Jipu", yanayotaja mnyama na uvimbe, si nondo wala kuta. Mtunzi aliyefungwa halazimiki kuzitaja kuta. Lakini akizitaja, ziwe zake.

Miezi michache iliyopita nilipata salamu kutoka kwa yule kijana mwimbaji. Amehamishiwa chumba kingine, chenye dirisha linalotazama magharibi. Kule asubuhi hakuna kitu, jua linaingia alasiri, linaanza sakafuni na kupanda ukuta wa mashariki hadi linapozama. Akaniulizia ruhusa kama anaweza kukirudisha kibwagizo changu cha kwanza, kile nilichokitupa kwa aibu, kwa kuwa kwake yeye ndicho cha kweli. Ubeti wa tatu ameshaupanga upya mwenyewe, na nimeuhesabu, haukupungua mizani hata moja:

Alasiri ukifika, chini kwanza hujilaza,
Robo saa ikitoka, shibiri unaongeza,
Kichwani ukinishika, jioni wanieleza,
Mwanga hupanda ukuta, hauna wa kuufunga.